Mkataba wa kupanga nyumba: andika hivi, hasa kwenye notisi

Mwezi uliopita nilishinda ofisi ya serikali ya mtaa huko Mbagala na mteja wangu, muuguzi, akidai shilingi milioni moja kwa mwenye nyumba wake. Mkataba walikuwa nao, ile fomu ya kujaza inayouzwa steshenari, yenye saini zote. Kilichokosekana ni sentensi mbili tu. Nikiwa wakili wa Dar es Salaam, nimeona kesi ya namna hii mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuandika hatua zote, kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba.

Hatua ya 1: Jua anayesaini ni nani

Dalali hasaini mkataba. Anayesaini ni mwenye nyumba, au mtu aliyepewa mamlaka hayo kwa maandishi. Kama nyumba ni ya marehemu, mwombe msimamizi wa mirathi aoneshe uteuzi wake wa mahakama. Kwa mahakama ya mwanzo ni ile Fomu Namba 4. Mtoto mkubwa wa marehemu akikuambia "nyumba ni yetu sote", msikilize kwa heshima, ila usitoe hela. Kodi ukimlipa yeye, ndugu zake wanaweza kuja kukudai upya. Andikeni majina kamili, namba za NIDA na namba za simu.

Hatua ya 2: Eleza kinachopangishwa

Usiandike "chumba na sebule" ukaishia hapo. Taja mtaa, namba ya nyumba, vyumba vyenyewe, choo ni cha peke yako au cha pamoja, na namba ya mita ya LUKU. Mkichangia mita moja, andikeni mtagawana vipi umeme.

Hatua ya 3: Kodi

Kiasi kwa mwezi, jumla iliyolipwa, na inalipia kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani. Mimi siwashauri wateja wangu kulipa taslimu. Lipeni kwa benki au kwa simu, kwa sababu ujumbe wa muamala unabaki hata risiti ikipotea. Kama kuna amana, iandikwe kando na kodi, pamoja na siku itakayorudishwa na mambo yanayoruhusu ikatwe.

Hatua ya 4: Muda, notisi na hela iliyobaki

Hapa ndipo tuliposhinda mchana kutwa.

Mteja wangu alipanga kwa 250,000 kwa mwezi, akalipa mwaka mzima, yaani 3,000,000, kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 28 Februari. Tarehe 30 Septemba mwenye nyumba akampa barua kwamba kijana wake anaoa na anahitaji nyumba, hivyo ahame ifikapo tarehe 31 Oktoba. Fomu ilisema "kila upande utatoa notisi ya mwezi mmoja", basi. Mama akahama. Amekaa miezi minane, yaani kodi ya 2,000,000. Miezi minne ilibaki kwa mwenye nyumba, na jibu lake lilikuwa, "Mama, mkataba hausemi narudisha."

Ni kweli haukusema. Hoja yangu ilikuwa kwamba kodi ni malipo ya kukaa, na siku ambazo mtu amezuiwa kukaa hazina kodi. Mzee alinielewa, lakini hela alikuwa ameshanunulia mabati. Mwisho alikubali kurudisha kwa awamu mbili, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti. Kama kifungu kingekuwemo tangu mwanzo, mzee angejua kabla ya kuandika ile barua kwamba anatakiwa kuwa na milioni mkononi.

Kifungu ninachotumia ni hiki, kinakilini kama kilivyo:

"Upande wowote unaotaka kuvunja mkataba kabla ya muda wake utatoa notisi ya maandishi ya miezi miwili. Mwenye nyumba akivunja, atarudisha kodi ya siku zote ambazo mpangaji hatakaa, kabla ya siku ya kuhama, na mpangaji hatalazimika kuhama hadi alipwe. Mpangaji akivunja, mwenye nyumba atabaki na kodi ya mwezi mmoja baada ya kuhama, na kurudisha iliyosalia ndani ya siku 30."

Mbona miezi miwili? Kwa sababu mpangaji anayetafuta nyumba Dar anatakiwa kukusanya kodi ya miezi sita au mwaka, pamoja na mwezi wa dalali, na mwezi mmoja hautoshi. Mwenye nyumba naye analindwa: ule mwezi mmoja unaobaki kwake unamfidia wakati nyumba iko tupu. Wenye nyumba wengi hukikubali wakishaona sehemu hiyo.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, notisi iwe barua, ipokelewe kwa saini na tarehe. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kusaidia, ila msiutegemee peke yake. Pili, andikeni kwamba nyumba ikiuzwa mkataba unaendelea na mnunuzi hadi muda uishe, na muuzaji ana wajibu wa kumwambia mnunuzi. Tatu, ambalo wengi hawalijui: mkataba ukiisha mpangaji akaendelea kukaa na mwenye nyumba akaendelea kupokea kodi, Sheria ya Ardhi hailioni hilo kuwa ni mwaka mpya. Unakuwa upangaji wa kipindi kwa kipindi, kufuata namna kodi inavyolipwa. Anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, hata kama moyoni anahesabu mwaka. Kama mnataka mwaka mwingine, sainini mkataba mwingine kabla wa kwanza haujaisha.

Na mwenye nyumba, kodi ikichelewa usifunge mlango kwa kufuli lako wala usitoe vyombo nje. Kadai kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui, lakini suluhu ya hapo mara nyingi inatosha.

Hatua ya 5: Matengenezo

Nyumba yenye wapangaji kadhaa, sheria inamwachia mwenye nyumba paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja, labda mmekubaliana vingine. Kwa hiyo mvua ikivuja dari, si kazi ya mpangaji. Taa, vitasa na masinki andikeni ni juu ya nani. Siku ya kuingia pigeni picha kila chumba pamoja, pamoja na mita ya maji na ya umeme, na mtumiane papo hapo. Yule mzee alitaka kukata 150,000 ya rangi. Picha za mwezi Machi zilionesha ukuta ulikuwa umechubuka kabla mama hajaingia, akaacha.

Hatua ya 6: Kusaini

Nakala mbili, kila ukurasa usainiwe, shahidi mmoja kila upande. Muhuri wa serikali ya mtaa si mbaya, ila hauufanyi mkataba kuwa halali. Makubaliano na saini zenu ndiyo yanayoufanya.

Kisha kalipeni ushuru wa stempu TRA ndani ya siku 30 tangu kusaini, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa mteja wangu ingekuwa 30,000, na hawakulipa. Mkataba usio na stempu haupokelewi kuwa ushahidi hadi ushuru ulipwe na adhabu yake. Ndiyo maana, kwa kesi ile, nilipendelea tumalizane pale ofisi ya mtaa.