Jinsi ya kuomba data za sensa na kupima kama watoto hufuata kazi za baba zao

Ukitaka kujua kama mtoto wa mkulima huishia kulima, unahitaji kazi yake na kazi ya baba yake katika safu moja ya data. Sampuli za asilimia 10 za sensa za Tanzania za 1988, 2002 na 2012 zimehifadhiwa IPUMS International, Chuo Kikuu cha Minnesota. Watafiti hupewa bure, ila lazima waombe.

Kuomba ruhusa. Ingia international.ipums.org ujisajili, ikiwezekana kwa barua pepe ya chuo au taasisi yako. Sehemu ya kutulia nayo ni maelezo ya utafiti. Usiandike "nataka kusoma jamii ya Tanzania". Andika swali lako, sensa unazotaka, na kwa nini majedwali yaliyochapishwa hayakutoshi: unahitaji kuoanisha watu wa kaya moja. Utakubali masharti ya kutomgawia mtu mwingine data, kutojaribu kumtambua yeyote na kutozitumia kibiashara. Ruhusa hudumu mwaka mmoja, kisha huhuishwa.

Kuagiza faili. Chagua sensa kwenye `Select Samples`, kisha weka AGE, SEX, PERWT, POPLOC na OCCISCO. OCCISCO ni kundi la kazi, PERWT ni uzito wa kila mtu katika sampuli, na POPLOC huonyesha baba yupo mstari upi ndani ya kaya. Hakikisha kila kigezo kina alama ya X chini ya sensa uliyochagua. Kabla ya kutuma ombi, bofya `Attach Characteristics` na uambatishe OCCISCO ya baba. Wengi huiruka hatua hii, wakapata faili lisilo na kazi ya baba.

Kutengeneza jedwali. Kwa Stata:

```
keep if sex==1 & inrange(age,30,39)
count if poploc==0
drop if poploc==0 | occisco>=97 | occisco_pop>=97
tab occisco_pop occisco [iw=perwt], row
```

Tuchukue mfano wa kufikirika wa wana 1,000. Baba 800 ni wakulima: wana 560 wanalima, 240 wameacha. Baba 200 si wakulima: wana 60 wanalima, 140 hawalimi. Waliobadili kazi ni 300, yaani asilimia 30. Lakini kilimo chenyewe kimepungua kutoka 800 hadi 620, kwa hiyo angalau 180 wangehama hata kama kila mmoja angetamani kubaki. Ndiyo maana asilimia ya waliohama haitoshi kusema kama milango imefunguka. Linganisha hivi: kwa wana wa wakulima, 560 kwa 240, kwa wengine, 60 kwa 140. Gawanya uwiano wa kwanza kwa wa pili, unapata takriban 5.4. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha kati ya sensa ya 2002 na ya 2012, kwa sababu haiyumbishwi na kupungua kwa wakulima peke yake.

Sasa rudi kwenye ile `count`. POPLOC ikiwa 0, baba hayumo katika kaya hiyo. Mtu wa miaka 35 anayeishi na baba yake si mfano wa wenzake: aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi ametoweka kwenye jedwali lako, na yeye ndiye uliyekuwa ukimtafuta. Kwa mabinti walioolewa hali huwa mbaya zaidi. Hesabu walioondolewa kwenye jedwali kwa kila rika, mjini na vijijini, na uiandike sehemu hiyo mbele ya matokeo. Kama wengi wameondolewa, jedwali lako linazungumzia wana waliobaki nyumbani, basi.

Makundi yenyewe nayo hudanganya. Katika ISCO-88, mpangilio wa kimataifa wa kazi ambao OCCISCO huufuata, mkulima anayelima kwa ajili ya chakula chake yuko kundi la 6, kibarua wa shambani yuko kundi la 9. Mwana anayelima kwa ujira shamba lile lile la jirani huonekana amehama. Mchuuzi wa mtaani naye yuko kundi la 9, muuza duka kundi la 5. Namba hizo si ngazi. Usiandike "amepanda" au "ameshuka" bila kipato au elimu kuthibitisha, andika "amehama".

Safari ya mtu mmoja ndani ya maisha yake haipatikani hapa kabisa, maana sensa humuuliza kazi yake ya wakati huo tu. Kwa hilo omba Tanzania National Panel Survey kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia. Ilianza 2008/09 na awamu zake tatu za kwanza zilizirudia kaya zile zile, hivyo unaweza kuweka kazi ya awamu ya kwanza kwenye safu na ya awamu inayofuata kwenye nguzo. Chunguza pia mwezi wa mahojiano, kwa sababu mtu aliyehojiwa msimu wa kilimo na tena baada ya mavuno anaweza kutaja kazi mbili tofauti bila kuhama popote.