SOMO: Kutumia ubao ukiwa na mtoto mwenye usikivu hafifu na mwenye uoni hafifu katika darasa moja

Swali hili nimeulizwa tena na tena, kwa hiyo naliandika lote hapa. Mfano wangu ni hisabati darasa la tano, kujumlisha sehemu. Kuna mvulana anayesikia kidogo, sikio la kulia likiwa na nafuu, na msichana mwenye uoni hafifu.

1. Viti. Mvulana akae dawati la pili, upande wa kushoto wa darasa ukitazama ubao, ili sikio la kulia lielekee kwako na kwa wenzake. Msichana akae la kwanza, katikati. Asitazamane na dirisha.

2. Futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu. Tumia chaki nyeupe au njano. Nyekundu na bluu hazionekani vizuri.

3. Namba ziwe na urefu wa kiganja.

4. Andika kimya, geuka, kisha sema. Hapa ndipo nilipokosea muhula mzima. Nilikuwa naandika 2/3 + 1/4 huku nikisema, mgongo ukiwa kwa darasa: "Hii tunaitafutia kigawe na hii, halafu hii inakuja hapa." Mvulana hakuuona mdomo wangu, akanakili kwa jirani, makosa ya jirani yakiwemo. Msichana alisikia "hii" na "hapa" bila kujua ni nini na ni wapi. Jibu lake lilikuwa 1/2, nikalikosoa. Siku nilipomwita anisomee daftari, niliona ameandika 2/8 + 1/4. Ile 3 yangu ya ubaoni aliiona 8. Na 2/8 + 1/4 ni 1/2 kweli! Hesabu aliipata; swali ndilo halikumfikia.

Sasa naandika mstari mmoja kimya. Nageuka, nasubiri mvulana aninyanyulie macho, ndipo nasema huku nikionesha kwa kidole: "Theluthi mbili jumlisha robo. Asili ni 3 na 4. Kigawe kidogo cha shirika ni 12." Mstari unaofuata: "Nane juu ya kumi na mbili, jumlisha tatu juu ya kumi na mbili. Jibu, kumi na moja juu ya kumi na mbili." Kila kilichoandikwa kinasemwa, na hakuna kinachosemwa ukiwa umegeukia ubao.

Tahadhari: usisimame dirisha likiwa nyuma yako, uso unakuwa giza na midomo haionekani. Usipaze sauti wala kuvuta maneno, mdomo unabadilika umbo. Na usitegemee midomo peke yake: tamka "mama", "baba" na "papa" mbele ya kioo bila sauti, uone kama utayatofautisha.

5. Mwanafunzi wa nyuma akijibu, mtaje jina na urudie jibu lake.

6. Usiulize "mmeelewa?" Wote wataitikia ndiyo. Muulize mvulana: "Tunaanza na nini?"

MASWALI

Chaki Moja: Kwa hiyo kwa kifupi niwakalishe mbele, basi?
Jibu: Hapana. Soma hatua ya 4.

Mwalimu wa Zamu: Nina watoto 94. Haya ni ya shule zenye watoto 30.
Jibu: Mimi nina 87. Kugeuka kabla ya kusema hakuhitaji darasa dogo.

Binti Mvomero: Mwalimu, mtoto akishindwa kuona ubao hata akiwa dawati la kwanza?
Jibu: Swali zuri. Mruhusu asimame aende ubaoni wakati wowote bila kuomba ruhusa, na uwaeleze wenzake mapema ili wasimzomee. Pili, kabla ya kipindi mwandikie maswali yale yale kwa kalamu nene kwenye karatasi, mstari mmoja uachwe wazi kati ya swali na swali. Mimi hutumia dakika tano. Mpe pia muda zaidi. NECTA yenyewe huwaongezea watahiniwa wenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa katika hisabati, na karatasi yao huwa na maandishi yaliyokuzwa. Azoee mapema.

Binti Mvomero: Asante sana. Wangu ana ualbino, hufumba macho hata akiwa ndani.
Jibu: Mwanga unamuumiza. Mhamishe mbali na dirisha na mlango, na umruhusu kuvaa kapelo darasani. Kama sheria ya shule inakataza kofia, zungumza na mwalimu mkuu umwombee ruhusa.

Mzazi Mwenzenu: Mwanangu ni kiziwi kabisa. Hatua hizi zitamtosha?
Jibu: Hazitamtosha, mzazi mwenzangu, na sitaki kukupa tumaini lisilo la kweli. Hizi ni za anayesikia kidogo. Wako anahitaji mwalimu anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania, na nyumbani nanyi mjifunze. Anza kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu, ukienda na cheti cha hospitali cha kupimwa masikio.

Chaki Moja: Nimesoma ya 4. Kwa imla je?
Jibu: Simama mahali pamoja, usitembee kati ya madawati ukisoma. Sentensi nzima kwanza, waandike, kisha uirudie yule anayesikia kidogo akiwa amekutazama.