Kijiji kimepitisha mpango wa matumizi ya ardhi, sasa hati ya kimila unaiombaje?

Jamani tangu mkutano mkuu wa kijiji upitishe ule mpango wa matumizi ya ardhi watu wananiuliza kila siku, mara wengine wanasema mashamba yanachukuliwa, mara sijui tutalipia kodi mpaka matuta ya viazi. Hapana. Kilichofanyika ni kwamba ardhi ya kijiji imegawanywa kwenye ramani, huku makazi, huku kilimo, huku malisho, kule msitu na vyanzo vya maji, na kipande kimewekwa akiba kwa ajili ya watoto wetu. Kuanzia hapo ukitaka hati ya kimila unapewa kwa kipande kilichoangukia kwenye makazi au kilimo. Malisho na msitu ni vya wote, hakuna mtu anapewa hati hapo hata kama babu yake ndo alikata mti wa kwanza.

Kwaiyo kabla hujaomba chochote nenda ofisi ya mtendaji uangalie ramani. Iko ukutani, kama haipo ukutani mwambie aitoe, siyo siri. Usitafute jina lako maana halipo, tafuta alama unazozijua, mto, barabara, shule, alafu kutoka hapo ujue shamba lako liko rangi gani. Kama umeangukia malisho na umelima hapo miaka yote, usikimbilie kujaza fomu, itarudi. Nenda kwanza na shahidi wako mbele ya halmashauri ya kijiji uulize muhtasari wa mkutano ulisema nini kuhusu waliokuwa wanalima pale, kwamba mnapewa sehemu nyingine au vipi, na wakikujibu hakikisha jibu limeandikwa. Maneno ya mwenyekiti mkikutana njiani hayana kazi.

Sasa fomu. Inatolewa hapo hapo kwa mtendaji. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, yaani herufi kwa herufi, maana kijijini kila mtu tunamjua kwa Mama nani au Baba nani na fomu nyingi zinakwama hapo. Kama mmeoana andikeni majina yote mawili, ya mume na ya mke. Najua kuna wazee wanakunja uso nikisema hivi lakini fikiria mzee akifa kesho, mama aanze kuzunguka na shemeji zake kwenye vikao akitafuta shamba alilolima mwenyewe miaka 30. Na kama shamba ni la urithi na hamjagawana, kaeni kikao cha ukoo kwanza, muandike, msaini, ndo mje, la sivyo kaka yako wa mjini atasikia na siku ya kupima atakuwa amefika na basi la asubuhi.

Siku ya kupima ndo yenyewe, hiyo usitume mtoto. Inakuja kamati ya maamuzi ya kijiji, watu 9 na kati yao wanawake wasiopungua 4, pamoja na mtu wa jipiesi au simu ya kupimia, na majirani wako wote mnaopakana nao lazima wawepo. Mnatembea mpaka, kona kwa kona, kila jirani anakubali hapo hapo na anasaini. Siku moja kabla pita kwa kila jirani umkumbushe, na fyeka mpaka uonekane, maana kupima ndani ya kichaka mnaanza kubishana hatua mbili tatu na kamati inaondoka kwenda kwa mwingine. Mkishindwa kukubaliana kamati inaandika kuna mgogoro, mnapelekwa baraza la ardhi la kijiji kusuluhishwa, na hati inasubiri.

Niwape mfano wa shangazi yangu maana ndo uliofanya niandike haya. Yeye shamba lake siku zote ni eka 4, kila mtu anajua eka 4, lilipimwa kwa hatua kama tunavyopima huku, 70 kwa 70 ni eka moja, kwaiyo lake ni hatua 140 kwa 140. Shida ni kwamba hesabu ya 70 kwa 70 inataka hatua ya karibu sentimita 90, na aliyehesabu alikuwa mfupi, hatua yake ni kama sentimita 80. Jipiesi ikasoma mita 112 kwa 112, ambayo ni eka 3 na kidogo. Hapo karibu eka nzima imeshapotea na hakuna aliyeiba, haikuwepo.

Alafu upande wa chini shamba linapakana na mto. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto hakuna shughuli ya kudumu, na ramani yetu imefuata hiyo. Chukua mita 60 mara 112, ni kama eka 1.7, zote ziko kwenye chanzo cha maji. Zinazobaki za kuandikiwa hati ni eka 1.4 hivi. Shangazi alikaa chini kabisa pale shambani, akasema mmenilia shamba. Ndo maana nasema hesabu nyumbani kwanza, chukua kamba ya mita utembee na mtu, usisubiri uambiwe na kamati mbele ya watu. Kuhusu migomba iliyopo ndani ya hizo mita 60, kasomeni sheria ndogo za kijiji zinavyosema, na wakati zinajadiliwa kwenye mkutano muwepo mseme, siyo mnakuja kulalamika kilabuni.

Baada ya kupima orodha na ramani vinabandikwa ofisini. Kaangalie. Majina, mipaka, majirani. Makosa yakirekebishwa wakati huo ni kalamu tu, yakishachapwa kwenye hati ni safari za wilayani. Ukiwa na pingamizi andika ndani ya siku zilizowekwa pale kwenye tangazo.

Anayeamua kukupa ni halmashauri ya kijiji ikiwa kwenye kikao, siyo mwenyekiti peke yake wala mtendaji, na inatakiwa ikupe jibu ndani ya siku 90 tangu upeleke maombi. Kwaiyo siku unapeleka fomu omba nakala iliyogongwa mhuri na tarehe, hiyo ndo utahesabia. Wakikubali unapewa barua ya toleo, unaisoma masharti yake, unajibu kwa maandishi kwamba umekubali. Malipo kama yapo lipa kwa kontroo namba na ubaki na risiti, mtu akikwambia mpe yeye atakupelekea, mwambie miguu unayo.

Mwisho hati inaandaliwa, mwenyekiti na mtendaji wanasaini, wewe unasaini au unaweka dole gumba kila ukurasa, siyo wa mwisho tu, alafu inakwenda kwa afisa ardhi wa wilaya asaini, agonge mhuri na kuisajili. Ikirudi bila hiyo saini na mhuri bado haijakamilika, usiondoke nayo ukiifurahia. Nakala moja inabaki masjala ya ardhi ya kijiji na nyingine wilayani, hivo hata nyumba ikiungua kuna pa kuanzia.

Shangazi alisaini ya eka 1.4 mwezi uliopita, na barua ya kuomba kipande kwenye ile akiba ya kijiji kaipeleka juzi, nakala yake ina mhuri.