Jinsi ya kugawa bei ya jenereta iliyouzwa pamoja na sevisi ya mwaka mzima

Maduka mengi ya mitambo hapa Arusha huandika hivi kwenye ankara: "Jenereta KVA 100, shilingi 45,000,000, sevisi bure mwaka mzima." Mteja anafurahi, muuzaji anapata mauzo, halafu mhasibu anaachiwa swali: hizo milioni 45 zote ni za jenereta?

Siyo zote. Kiwango cha kimataifa cha mapato, IFRS 15, kilichoanza kutumika mwaka 2018, hakiangalii neno "bure". Kinauliza umemwahidi mteja vitu vingapi vinavyoweza kusimama peke yake. Jenereta inaweza kuuzwa bila sevisi, na fundi yeyote mwenye ujuzi anaweza kuihudumia. Hizo ni ahadi mbili, na kila moja inabeba sehemu yake ya bei.

Tuchukue muuzaji wa Arusha anayemuuzia jenereta hoteli moja ya Moshi. Hoteli imesajiliwa kwenye VAT, italipa fedha yote siku ya makabidhiano, na fundi wake wa umeme ndiye atakayeiunganisha. Mkataba unaanza tarehe 1 Oktoba 2025. Tarakimu zote ni za mfano, na hazijumuishi VAT mpaka nitakaposema.

Hatua ya kwanza: tenganisha sevisi na garantii

Usome mkataba kabla ya kushika kikokotoo. Ikiwa umeahidi tu kurekebisha kasoro ambayo jenereta ilikuwa nayo siku ilipotoka dukani, hiyo ni garantii ya kawaida na haigawiwi bei. Unatenga gharama unayotarajia, basi. Lakini ukiahidi kubadilisha oili na filta, kukagua betri, na kufika mashine ikizima hata kwa uchakavu wa kawaida, hiyo ni huduma. Mkataba wetu una hayo yote: ziara nne za sevisi, na fundi anaitwa wakati wowote ndani ya miezi 12.

Hatua ya pili: tafuta bei ya kila kimoja kikiuzwa peke yake

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ninapoona watu wakikimbia.

Jenereta ni rahisi. Angalia ankara za wateja wengine walionunua aina hiyo bila sevisi. Tuseme wamekuwa wakilipa milioni 40. Hiyo ndiyo bei yake, hata kama bandiko la dukani linasema milioni 44 ambazo hakuna aliyewahi kuzilipa.

Sevisi ni ngumu kidogo kwa sababu maduka mengi hayajawahi kuiuza peke yake. Basi ijenge bei kutoka kwenye gharama. Kaa na fundi mkuu, si na mhasibu peke yake. Muulize ziara moja ya Moshi inakula nini: oili, filta za oili, dizeli na hewa, maji ya rejeta, posho ya fundi na msaidizi, mafuta ya gari kwenda na kurudi, pamoja na makadirio ya dharura zitakazojitokeza katikati ya ziara. Tuseme inafika milioni 2. Ziara nne ni milioni 8. Ongeza faida ambayo soko la huku linakubali kwa kazi kama hiyo, tuseme asilimia 25 ya gharama. Unapata milioni 10.

Karatasi ya hesabu hiyo iandikwe tarehe na isainiwe wakati wa kufunga mkataba. Ikitengenezwa Machi kwa sababu mkaguzi ameiomba, itaonekana ilivyo.

Hatua ya tatu: gawa kwa uwiano

Bei mbili zikijumlishwa ni milioni 50. Jenereta ni asilimia 80, sevisi asilimia 20. Mteja analipa 45,000,000, hivyo jenereta inapata 36,000,000 na sevisi 9,000,000. Punguzo la milioni 5 limebebwa na wote wawili kwa uwiano uleule.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kutoa: 45 kutoa 40, sevisi ibaki na milioni 5. Niliwahi kupokea vitabu vya duka moja vilivyofanywa hivyo. Idara ya sevisi ilionekana inakula hasara kila mwezi, na mwenye duka alishaanza kufikiria kupunguza mafundi. Mafundi hawakuwa na kosa. Punguzo lote lilikuwa limetupwa kwao. Kwa mfano wetu, sevisi ingeonyesha mapato ya milioni 5 dhidi ya gharama ya milioni 8. Ukiona sura hiyo, rudi kwenye mgawanyo kabla hujamlaumu mtu. Njia ya kutoa inaruhusiwa tu pale ambapo bei ya kitu husika inayumba sana kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine, au haijawahi kupangwa kabisa.

Hatua ya nne: andika mgawanyo kwenye mkataba na ankara

Futa neno "bure". Weka mistari miwili, 36,000,000 na 9,000,000. Sababu moja ni kodi ya zuio. Hoteli inapolipa ada ya huduma inapaswa kukata asilimia 5, yaani 450,000 kwenye ile milioni 9. Ankara yenye mstari mmoja unaochanganya vitu humpa mhasibu wa hoteli nafasi ya kukata asilimia 5 ya fedha yote, 2,250,000, na fedha hiyo itakuwa imekutoka mkononi wakati unahitaji kuagiza mashine nyingine. Omba hati ya kodi ya zuio mara tu wanapokata, maana ndiyo itakayokupunguzia kodi yako ya mapato.

VAT haifuati ugawaji wa miezi. Ukitoa ankara au ukapokea fedha, kodi ya milioni 45 yote imeshafika wakati wake: asilimia 18, yaani 8,100,000. Risiti ya EFD itoke na jumla ya 53,100,000.

Kama mpango wako una utata, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakuruhusu kumwandikia Kamishna Mkuu wa TRA kuomba uamuzi kuhusu mpango huo. Barua ieleze kila ahadi, kila bei na namna malipo yatakavyofanyika, na iambatane na rasimu ya mkataba. Usifiche kitu, kwani uamuzi unakulinda pale tu maelezo yalipokuwa kamili na ya kweli.

Hatua ya tano: ingiza mapato kwa wakati wake

Hoteli ikisaini hati ya makabidhiano na kuichukua jenereta, 36,000,000 ni mapato siku hiyo. Zile 9,000,000 ni deni la kazi. Kwa kuwa tumeahidi kuwa tayari mwaka mzima, kila mwezi unaingiza 750,000. Kufikia tarehe 31 Desemba 2025 umeingiza 2,250,000, na 6,750,000 zinabaki kwenye madeni. Mkataba ungekuwa wa ziara nne tu, bila wito wa dharura, ungeingiza 2,250,000 kila ziara inapokamilika, hata kama mbili zimeangukia mwezi mmoja.

Januari bei ya oili ikipanda, usirudi kugawa upya. Uwiano wa siku ya mkataba unabaki hadi mwisho, na gharama iliyoongezeka ionekane kwenye faida ya sevisi.

Oktoba 2026 hoteli ikitaka kuendelea na sevisi peke yake, huo ni mkataba mpya. Bei watakayokubali kulipa ihifadhi kwenye faili lilelile, kwa sababu kwa jenereta itakayofuata utakuwa na bei halisi ya sevisi mbele yako, na hutalazimika tena kuijenga kutoka kwenye gharama za fundi.