Chati ya kurudisha gharama: jinsi ya kuichora na kulisoma pengo kati ya mistari

Wengi wanaochora chati ya kurudisha gharama huishia pale mstari wa mapato unapokatana na mstari wa gharama. Wanaandika idadi pembeni na kuifunga karatasi. Makutano yana kazi yake, lakini mwenye biashara hufanya maamuzi mengi zaidi kwa kuangalia pengo lililo kushoto na kulia kwa makutano hayo, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Tutatumia karakana ndogo inayoshona mabegi ya aina moja, kwa hesabu ya mwezi mmoja. Tarakimu nimezipanga ziwe nyepesi, nawe zisome katika sarafu unayotumia.

Hatua ya 1: Tenganisha gharama

Gharama za kudumu ni zile zinazolipwa hata kama halijauzwa begi moja. Katika karakana yetu ni kodi ya chumba 1,800, mshahara wa mwenye karakana 2,200, simu na umeme wa taa 300, na uchakavu wa mashine 500. Huo uchakavu umetokana na mashine ya 18,000 inayotarajiwa kufanya kazi miezi 36. Jumla ni 4,800 kwa mwezi.

Gharama zinazobadilika huongezeka kila begi linapoongezeka: kitambaa 13, zipu na uzi 5, fundi anayelipwa kwa kipande 4, kufungasha na kusafirisha 2. Jumla ni 24 kwa begi. Bei ya kuuzia ni 40.

Mshahara wa mwenye karakana ndio watu wengi huuruka, wakisema "mimi nitakula faida". Ukiuondoa hapa, gharama za kudumu zinashuka hadi 2,600 na chati itakuonyesha umerudisha gharama ukiwa umeuza mabegi 163 tu, ilhali hujajilipa kitu. Sioni sababu ya kuchora chati ya namna hiyo.

Bili yenye sehemu mbili, kwa mfano umeme wenye ada ya mwezi na malipo ya matumizi, igawe: ada iende kwenye gharama za kudumu, matumizi ya mashine yaende kwenye gharama ya begi.

Hatua ya 2: Andaa jedwali

Kwenye Excel, weka bei (40) kwenye F1, gharama ya begi moja (24) kwenye F2 na gharama za kudumu (4800) kwenye F3. Mstari wa kwanza wa safu A hadi D uwe na vichwa: idadi, mapato, gharama, pengo. Chini ya idadi andika 0, 100, 200, 300, 400 na 500, maana karakana haiwezi kushona zaidi ya mabegi 500 kwa mwezi. Kisha andika fomula hizi kwenye B2, C2 na D2, uziburute hadi chini:

```
=A2*$F$1
=$F$3+A2*$F$2
=B2-C2
```

Alama za dola huzuia seli za bei na gharama zisihame unapoburuta fomula. Faida yake utaiona tutakapobadilisha bei.

Hatua ya 3: Chora

Chagua safu A, B na C pamoja na vichwa vyake, kisha weka chati ya `Scatter with Straight Lines`. Usichukue `Line`. Hiyo huichukulia idadi kama lebo tu, kwa hiyo siku utakayoandika 0, 100, 350 itaziweka kwa nafasi sawa na mistari itapinda bila sababu.

Kabla ya kusoma chochote, angalia ukingo wa kushoto. Mstari wa mapato lazima uanzie 0 na wa gharama uanzie 4,800. Ikiwa yote miwili inaanzia 0, umesahau gharama za kudumu.

Hatua ya 4: Soma makutano, kisha pengo

Mistari inakatana kwenye mabegi 300, ambapo mapato ni 12,000 na gharama ni 12,000. Unaweza kuhakikisha bila chati: kila begi huacha 16 baada ya kulipa gharama zake (40 kutoa 24), na 4,800 gawa kwa 16 ni 300.

Sasa shuka kushoto. Kwenye 0 pengo ni 4,800, yaani hasara ya mwezi usio na mauzo kabisa. Kwenye 200 limepungua hadi 1,600. Bado ni hasara, lakini mabegi hayo 200 yamebeba 3,200 ya gharama za kudumu. Kwa hiyo kusimamisha kazi katikati ya mwezi wa namna hii kungeongeza hasara, kwa sababu kodi haisimami.

Kulia kwa makutano mstari wa mapato uko juu, na pengo ni faida. Kwenye 400 ni 1,600. Pima pengo hilo pia kwa mlalo: kutoka 400 kurudi 300 ni mabegi 100, yaani mauzo yanaweza kushuka kwa robo kabla hasara haijaanza. Zidisha hayo 100 kwa 16 upate ile 1,600 ya wima. Pengo la wima linakuambia umepata kiasi gani. La mlalo linakuambia una nafasi kiasi gani ya kuteleza.

Mistari isipokatana hata ukirefusha chati, linganisha bei na gharama ya begi moja. Bei ikiwa sawa na gharama hiyo, mistari inakwenda sambamba. Ikiwa chini, inazidi kuachana, na kila begi linaloongezeka linaongeza hasara.

Hatua ya 5: Jaribu punguzo

Mteja anaomba apunguziwe asilimia 10. Andika 36 kwenye F1. Mstari wa mapato unalala kidogo tu, karibu usiuone, lakini makutano yanaruka kutoka 300 hadi 400. Bei imeshuka kwa sehemu ya kumi, ila kile kinachobaki kwa kila begi kimeshuka kwa robo, kutoka 16 hadi 12. Ukiwapa wateja wote bei hiyo, yale mabegi 400 yaliyokuletea faida ya 1,600 sasa hayakuachii kitu. Ili kuirudisha faida ileile ungehitaji kuuza mabegi 534, na karakana inaishia 500.

Hatua ya 6: Weka ngazi kwenye gharama

Gharama za kudumu hudumu hadi uwezo ulionao uishe. Rudisha bei 40, kisha chukulia kwamba begi la 501 linahitaji mashine ya pili na chumba cha ziada, vitakavyoongeza 2,400 kwa mwezi. Andika 501 na 700 chini ya 500 kwenye jedwali, buruta fomula hadi hapo, na kwenye safu C ya mistari hiyo ongeza `+2400` mwishoni mwa fomula. Kisha panua chati ifike hadi mistari hiyo mipya ya jedwali.

Mstari wa gharama utapanda ghafla kama ngazi. Faida iliyokuwa 3,200 kwenye mabegi 500 inaanguka hadi 816 kwenye 501, na kwa gharama mpya za kudumu, 7,200, mabegi ya kurudisha gharama ni 450. Hakuna hasara, ila utafanya kazi zaidi kwa faida ndogo hadi ufike mabegi 650, ambapo pengo linarudi kuwa 3,200. Ikiwa oda ulizonazo mkononi zinafika 560 kwa mwezi, chati inakushauri ubaki na mashine moja na upokee 500 tu.