Jinsi ya kuagiza dawa za troli ya dharura bila S11 yako kurudishwa

Juzi nilikaa na sista mgeni wa wodi ya wanaume, S11 yake, ile fomu ya kuombea dawa famasia, ilikuwa imerudishwa mara mbili na troli iko wazi tangu usiku wa kuamkia Jumapili. Alikuwa ameandika tu "adrenalini 9, za troli ya dharura". Mfamasia anajua kiwango cha troli ile ni ampuli 10, sasa akiona 9 zinaombwa kwa mpigo lazima aulize zimeenda wapi. Nitaeleza kwa adrenalini hiyo hiyo, dawa nyingine njia ni moja.

1. Anza na sili iliyokatwa

Usiitupe. Soma namba yake ulinganishe na ya mwisho kwenye kitabu cha troli. Ya kwetu ilikuwa 004417 pande zote mbili, kwa hiyo droo haikuguswa na mtu mpaka ile usiku mgonjwa aliposimama moyo. Namba zikitofautiana hapo kuna aliyefungua bila kuandika, mwambie inchaji saa hiyo hiyo na uhesabu droo zote upya, usiamini maandishi.

2. Hesabu ukilinganisha na orodha ya troli

Zilibaki ampuli 4.

3. Soma tarehe, ampuli moja moja

Hapa niliwahi kupoteza mchana mzima. Nilisoma boksi, limeandikwa 08/2027, nikaingiza kitabuni nikafunga droo, halafu kwenye ukaguzi ikatolewa ampuli iliyoekspaya miezi miwili nyuma kutoka boksi lile lile, kumbe mtu alirudisha ampuli zilizobaki nje ndani ya boksi jipya. Ikabidi nikate sili zote na nianze upya troli nzima, na mpaka leo boksi kwangu si ushahidi wa chochote. Toa zote juu ya trei, geuza kila moja kwenye mwanga mpaka uone tarehe kwenye kioo chenyewe. Maandishi yakiwa yamefutika usikisie kwa jirani yake, itoe.

Ikiandikwa mwezi na mwaka tu, dawa inafaa mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Ilikuwa Oktoba, na kati ya zile 4 tulikuta 3 za EXP 10/2025. Zilikuwa bado nzima, lakini tungefunga droo siku ile ukaguzi wa mwezi uliofuata ungezikuta zimekufa, na kati ya hapo hakuna anayeangalia ndani, kila siku tunasoma namba ya sili tu. Hizo zitoe, zipeleke famasia wazipe kasualti wanaozitumia haraka. Zipite famasia jamani, msibadilishane kwenye korido, hesabu haitakaa sawa tena.

Na tarehe si za dawa peke yake. Pedi za defibrileta zinaekspaya, gundi yake inakauka. Laringoskopu iwashe uone taa.

4. Jaza S11 na sababu

Kabla ya kuandika, fungua faili la mgonjwa uone dozi zilizorekodiwa. Tulikuta 5, kila moja miligramu 1, yaani ampuli 5. Lakini zilizopungua ni 6! Sista alikumbuka moja ilianguka ikapasuka, haikuandikwa popote, na ndiyo iliyokuwa inarudisha fomu. Tukaiandika kitabuni kama iliyovunjika, yeye na mwenzake wa shifti ile wakatia sahihi. Sababu ikawa hivi:

"Adrenalini mg 1, ampuli 9. Zimetumika 5 kwa mgonjwa (namba ya faili), imevunjika 1, kubadilisha 3 za EXP 10/2025 zinazorudishwa na fomu hii. Kiwango 10, iliyopo 1."

Tano na moja na tatu ni tisa, tisa na iliyopo ni kumi. Mfamasia alihesabu kwa kidole akatia sahihi pale pale. Usiandike "stoki imeisha", hiyo si sababu.

5. Pokea, funga, andika

Soma tarehe hapo hapo dirishani kabla ya kusaini kupokea. Wakikupa pungufu, mfano 6, usifunge droo kama imekamilika. Azima wodi ya jirani kwa maandishi, au bandika karatasi juu ya troli inayosema kinachokosekana na uiseme kwenye makabidhiano ya shifti.

Ikikamilika weka sili mpya yenye namba. Plasta sitaki kuiona, inabanduliwa na kurudishwa bila mtu kujua. Kitabuni andika tarehe na saa, kwa nini ilifunguliwa, sili ya zamani, sili mpya, tarehe ya karibu zaidi kuisha ndani ya droo na ni ya kitu gani, sahihi mbili. Hiyo tarehe ya karibu iandike pia kwenye kikaratasi nje ya droo. Mimi natumia kitabu cha jalada gumu, karatasi za kuchomeka zinapotea.

Sili ya zamani ibandike pembeni ya mstari huo huo.