Dawa ya mgongo na dawa ya kichwa kumbe ni ileile: jinsi ya kumkinga mzee asizidishiwe parasetamoli

Habari zenu ndugu. Mimi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Dodoma mjini, lakini somo hili nimelipata nyumbani kwangu, siyo kaunta.

Mama mkwe wangu ana miaka 78. Tulimchukua Bahi tukamleta Nkuhungu kwa sababu ya magoti na mgongo. Zahanati moja ikampa vidonge ndani ya bahasha ya kaki, juu imeandikwa kwa kalamu "mgongo 1x3" basi, hakuna jina la dawa. Vilikuwa Diclopar, yaani diklofenaki na parasetamoli kwenye kidonge kimoja. Siku hiyohiyo akalalamika kichwa, wajukuu wakamnunulia Panadol Extra, wakawa wanampa viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku. Mke mwenzangu alisimamia dawa ya mgongo, watoto wakasimamia dawa ya kichwa. Kila mtu alifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa.

Siku ya tatu bibi akasukuma bakuli la uji. Jioni akatapika. Tukadhani ni uchovu wa safari. Nilipoikung'uta ile bahasha kilidondoka kipande cha vidonge kilichokatwa kwa mkasi, na kwenye karatasi yake ya fedha zilibaki herufi chache tu: "etamol 500". Mwili ulinisisimka. Tulienda hospitali usiku uleule, akapimwa damu kuangalia ini, akatibiwa, akapona. Kilichonikaa moyoni ni kwamba ndani ya nyumba yenye mtoa dawa, hakuna aliyekosea kuhesabu dawa yake. Kosa lilikuwa kwenye majina tuliyozipa.

Sisi huita dawa kwa mahali panapouma: ya mgongo, ya kichwa, ya mafua. Kidonge hakijui mgongo wala kichwa. Kikishamezwa kinaingia kwenye damu, kinapita kwenye ini, na ini linahesabu parasetamoli yote kwa pamoja.

Hatua ya kwanza: zileteni dawa zote kwenye sinia moja

Nasema zote. Angalia chini ya mto, kwenye mkoba, kabatini, na usisahau pindo la kanga. Wazee wetu hufunga vidonge pale pamoja na hela, na hawavitaji kwa sababu kwao hivyo ni "vya akiba". Mwombe kwa heshima akufungulie mwenyewe, usimpekue. Mama mkwe alikuwa na vinne ambavyo jirani yake wa Bahi alimpa siku ya kuondoka.

Hatua ya pili: acha jina kubwa, soma maandishi madogo

Jina kubwa la mbele ni la kibiashara. Geuza boksi au karatasi ya vidonge utafute Paracetamol. Dawa iliyotoka Marekani inaweza kuandikwa Acetaminophen, ni kitu kilekile. Mbele ya jina kuna kiasi, mara nyingi 500 mg, yaani miligramu 500 kwa kila kidonge. Panadol ya kawaida ina 500. Panadol Extra ina 500 ileile, ila imeongezwa kafeini miligramu 65. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli, ziwe vidonge au unga wa kukoroga kwenye maji ya moto.

Ukiikuta, chukua kalamu ya wino mzito uandike P kubwa juu ya pakiti. Zikiwa na P mbili kwenye sinia, moja inatoka leo hiyo. Ipi itoke? Ikiwa moja imeandikwa na daktari, hiyo ibaki mpaka umuulize, ile ya kujinunulia iondoke. Kipande kilichokatwa kisicho na jina, au vidonge vilivyo wazi ndani ya bahasha, usikisie kwa rangi. Kirudishe kilikotoka wakuandikie jina. Ni haki yako, na mimi nikiwa kaunta sikasiriki mtu akiniomba.

Hatua ya tatu: mpime uzito, kisha piga hesabu

Hapa ndipo nataka mtulie na mimi kidogo. Kile kiwango cha mtu mzima, vidonge viwili mara nne, jumla miligramu 4,000 kwa saa 24, ni cha mtu mwenye kilo 50 na kuendelea ambaye anakula vizuri. Hata huyo, akiwa mzee dhaifu, madaktari wengi huishia 3,000. Wazee wetu wengi hawafiki hizo kilo 50.

Mama mkwe ana kilo 42. Kwa mtu wa uzito huo tunahesabu miligramu 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, na zisizidi 60 kwa kila kilo kwa saa 24. Kwa hiyo 42 mara 15 ni 630: dozi yake ni kidonge kimoja, kwa sababu viwili ni 1,000. Kwa siku nzima 42 mara 60 ni 2,520: ukomo ni vidonge vitano. Mimi nyumbani nimeishia vinne, kila kimoja baada ya saa sita.

Sasa tazameni alichokuwa anapata. Diclopar moja mara tatu ni 1,500. Panadol Extra mbili mara tatu ni 3,000. Jumla 4,500 kwa siku, kwa mwili unaopaswa kuishia 2,520. Na huo ni mgongo na kichwa tu, mafua yalikuwa hayajaja.

Ini huivunja parasetamoli, na sehemu ndogo yake hugeuka kuwa sumu. Mwili una akiba ya kuizima sumu hiyo, na akiba hiyo hutokana na chakula. Mzee anayeonja vijiko viwili vya uji na kurudisha bakuli ana akiba ndogo. Dawa ikizidi siku baada ya siku, akiba inakwisha na sumu inaanza kula ini lenyewe.

Hatua ya nne: mtoaji mmoja, daftari moja

Chagueni mtu mmoja wa kutoa dawa. Akisafiri, anakabidhi daftari mkononi kwa mwenzake. Kila mstari una saa, jina la dawa, idadi na aliyetoa. Andikeni baada ya mzee kumeza, siyo kabla, maana mara nyingine anakiweka shavuni kisha anakitema. Kwetu ni saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, na saa 6 usiku akiamka na maumivu tu. Akilala hatumwamshi. Wageni tunawaambia mlangoni: mleteeni zabibu, mleteeni maziwa, dawa hapana.

Mkigundua amezidishiwa

Simamisheni zote zenye P, bebeni pakiti, bahasha na daftari, mwende hospitali hata kama anaongea na kucheka. Siku ya kwanza anaweza asionyeshe kitu, au akose hamu ya kula, achefuke na kutapika tu. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu huja baadaye. Macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi na kuchanganyikiwa ni dalili kwamba ini limeshaumia. Ipo dawa ya kulikinga ini, asetilisisteini, na kwa aliyemeza nyingi kwa mkupuo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane. Kumnywesha maziwa "kukata sumu" ni kupoteza saa hizo.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Mpwapwa: Shikamoo dada. Baba anasahau. Akisema hajameza na mimi sikuwepo, nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Kama daftari halina jibu, hesabu vidonge vilivyobaki. Ukiwa bado na shaka, chukulia amemeza, subiri saa ya dozi inayofuata. Kuumwa goti kwa saa sita kunavumilika kuliko dozi mbili. Na pakiti isikae karibu naye, mpe kimoja kimoja mkononi.

Wa Kongwa: Bibi alipata malaria, wakampa dawa mseto na Panadol. Na mseto una parasetamoli?

Hapana, mseto ule hauna, unaweza kwenda na Panadol. Amalize mseto wote kama alivyoandikiwa. Ila uliza kama pale zahanati alichomwa au kutundikiwa kitu cha kushusha homa. Dripu ya parasetamoli kwa kawaida ni gramu 1, sawa na vidonge viwili, nayo inaingia kwenye hesabu. Vilevile sirapu ya watoto: ile ya 120 mg kwa mililita 5 ni karibu robo ya kidonge kwa kila kijiko kidogo.

Wa Kondoa: Mimi mzee wangu ana kilo 45, miaka yote anameza mbili mbili na hajawahi kudhurika. Huoni unatutisha?

Kaka, sikatai uliyoyaona. Pengine anameza mara moja tu kwa siku, na bado dozi yake haitakiwi kuzidi 675. Hatari inakuja siku anapougua, hali chakula siku mbili, halafu mtu anamwongezea ya mafua. Mwili uliozoea mbili mbili siku hiyo siyo mwili uleule. Nakuomba umshushe kwenye kimoja, uangalie kama maumivu hayatulii vilevile.

Wa Chamwino: Baba yupo kwenye dawa za TB na jioni hunywa pombe kidogo. Kimoja mara nne bado ni salama kwake?

Hapo usitumie hesabu yangu. Baadhi ya dawa za TB zinagusa ini lenyewe, na pombe ya kila siku inaongeza hatari. Mwulize anayempa dawa za TB kabla hujampa hata kimoja, na umweleze habari ya pombe bila kuificha.

Wa Dodoma mjini: Vinne havimtoshi, usiku analia na magoti. Niongeze Diclopar?

Hapana mama. Ile ina P, utarudi palepale tulipokuwa sisi. Halafu diklofenaki kwa mzee mwenye presha, figo dhaifu au vidonda vya tumbo ina hatari zake hata ikiwa peke yake. Mkande na kitambaa cha moto jioni, dozi ya mwisho isogezwe karibu na kulala ilimradi saa sita zimetimia, na kesho mpeleke aonwe tena. Nenda na daftari, wataona maumivu yanapanda saa ngapi.